Hati ya ndoa haisemi Grace ndiye Zuhura

*Asalaam alaykum Shangazi,*

*Mimi nafanya kazi hoteli huku Kiwengwa, kwetu Muheza. Mwaka 2019 nilifungua akaunti kwa jina la Grace Joseph Mhina, ndilo liliopo kwenye kitambulisho changu cha NIDA. Mwaka 2023 nilisilimu nikaitwa Zuhura, na mwaka uliofuata nikaolewa na kijana wa Mkoani, Pemba. Hati ya ndoa imeandikwa Zuhura Joseph Mhina.*

*Mwezi uliopita nilimpelekea mhasibu wa hoteli hati ya ndoa, naye akabadilisha jina kwenye orodha ya mishahara. Mshahara haukuingia. Nikaandika barua benki nikaambatanisha hati ile ile, dada wa kaunta akanirudishia. Akasema, "Hii haisemi kama Grace ndiye Zuhura." Foleni nzima ikanigeukia.*

*Mume wangu Hamad anasema nisihangaike, nifungue akaunti nyingine ya jina jipya, tena nitumie jina lake, niwe Zuhura Hamad. Mama mkwe anasema hilo la jina la mume halifai. Nifanye nini, na hiyo barua inaandikwaje? Majina yote nimeyabadilisha, Shangazi, yachapishe tu.*

*Mwali wa Mkoani*

Waalaykumu ssalaam mwanangu,

Tuanze na mshahara, maana kodi ya nyumba haisubiri karatasi. Kesho asubuhi rudi kwa mhasibu, mwombe arejeshe Grace Joseph Mhina kwenye orodha yake, na libaki hivyo hivyo mpaka siku utakayompelekea barua ya benki inayosema vingine. Pesa yako haijapotea. Malipo yanapotoka benki ya hoteli kwenda benki yako husafiri na vitu viwili, namba ya akaunti na jina la mwenye akaunti. Namba ikiwa ya Grace na jina likiwa la Zuhura, benki inayopokea haina ruhusa ya kukisia. Ama inayarudisha yalikotoka, ama inayaweka kando kwenye akaunti ya kusubiria mpaka atokee mtu wa kuyaulizia. Mhasibu ndiye wa kuuliza, kwa sababu yeye ndiye mwenye namba ya muamala. Wewe ukenda tawini kwako mikono mitupu, mtatafutana mpaka mchana na hamtoona kitu.

Sasa huyo dada wa kaunta. Kukusemea mbele ya watu ni utovu wa adabu, angekuita pembeni. Lakini maneno aliyosema ni ya kweli, na mimi niliyekaa kwenye kiti kama kile miaka mingi ningekurudisha vilevile, kwa sauti ya chini zaidi. Ichukue hati yako ya ndoa uisome kama anavyoisoma mtu asiyekujua. Inasema Zuhura binti Joseph ameolewa na Hamad, tarehe fulani, mbele ya mashahidi fulani. Grace yuko wapi humo? Hayumo hata kwa herufi moja. Kwa macho ya benki, Zuhura ni mwanamke aliyetokea na karatasi halali kabisa, anadai pesa za mwanamke mwengine anayeitwa Grace. Na wezi wa akaunti nao huja na karatasi halali.

Kwa hiyo unachotafuta ni karatasi moja yenye majina yote mawili, inayosema huyu ndiye yule. Cheti chako cha kusilimu huenda kinayo yote mawili, na ni kizuri kukitunza, lakini kinathibitisha kuingia kwako katika dini, na maofisa wa vitambulisho na benki wanataka karatasi ya kisheria ya jina lenyewe. Hiyo huitwa hati ya kubadilisha jina. Anaiandika wakili. Ndani yake unajitaja kwa jina la zamani, unasema unaliacha, unataja jina jipya, unasema kuanzia leo utalitumia jina hilo katika kila shughuli na unaomba watu wote wakuite hivyo. Mwisho unatia sahihi mbili, ya jina unaloliacha na ya jina unalolichukua, mbele ya shahidi. Baada ya hapo hati inasajiliwa. Hapa Zanzibar nyaraka za namna hii hupelekwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Isiposajiliwa inabaki kuwa karatasi yako na wakili wako tu, na ofisa yeyote atakurudisha nayo.

Wengi huchanganya hati hiyo na kiapo cha majina mawili mtu mmoja. Kiapo kile ni cha kutibu makosa ya uandishi, mfano mtu ambaye cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaisha na kitambulisho kinasema Mwana Aisha. Anaapa kwamba wote ni yeye, basi. Hakibadilishi jina. Wewe hukukosewa na karani, wewe umeacha jina na kuchukua jengine. Ukimwendea mtu wa viapo wa kando ya barabara akakwambia "nitakupigia kiapo sasa hivi," mshukuru uondoke, maana utalipa na benki watakirudisha.

Kuna jambo moja kwako ambalo wakili anaweza kulisahau usipomkumbusha. Hati yako ya ndoa ni ya 2024 na tayari inasema Zuhura, na hati ya kubadilisha jina itakuwa na tarehe ya sasa. Mtu akizipanga kwa tarehe atauliza: ndoa hii ilifungwa na nani, ikiwa wakati ule alikuwa bado Grace? Mwambie wakili aandike ndani ya hati kwamba umekuwa ukijulikana kwa jina la Zuhura tangu uliposilimu mwaka 2023, na kwamba ndoa yako ilifungwa kwa jina hilo. Sentensi mbili tu, lakini ndizo zitakazoifunga hati ya ndoa na karatasi nyengine zote. Bila hizo utakuja kuhangaika siku utakapotaka kusajili mtoto, au, Mungu apishe mbali, siku ya mirathi.

Ukishapata hati iliyosajiliwa, usiende benki bado. Nenda ofisi ya NIDA ya wilaya yako. Hapa ndipo watu wengi huruka hatua. Benki za siku hizi hazitazami kitambulisho kwa macho tu. Unaweka kidole kwenye kile kikasha cheusi, mtambo unauliza NIDA, na NIDA inajibu kwa jina na picha. Kikijibu Grace, ofisa hawezi kuandika Zuhura hata akiwa ni dada yako wa tumbo moja, na hata ukiwa na hati kumi za wakili. Benki haikupi jina. Inanakili jina lako kutoka kwenye kitambulisho. Namba yako ya NIDA, zile tarakimu 20 zinazoanza na mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, haitobadilika. Kitakachobadilika ni jina lililokaa juu yake, na hiyo namba isiyobadilika ndiyo shahidi wako mkubwa kuliko sisi wote.

Kabla hujakabidhi kadi ya zamani, itoe nakala mbele na nyuma, nakala mbili. Ikishachukuliwa huna tena cha kuonyesha kwamba Grace alikuwa na namba ile ile. Na kama unacho kile kitambulisho cha mkaazi asiye Mzanzibari, kinachotolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, nacho kakibadilishe, sheha wako atakuuliza tu.

Sasa unaona ushauri wa mumeo unapokwama. Akaunti mpya ya Zuhura haifunguliki leo, kwa sababu kidole chako leo kinajibu Grace. Na NIDA ikishabadilika, akaunti ya zamani inabadilika kwa barua moja, kwa nini basi ufungue nyengine? Namba unayoitumia kila mtu anayo, hoteli, mama Muheza, na kama umewahi kuchukua mkopo wa mshahara basi makato yanapita hapo hapo. Ukiihama, mkopo haukufuati peke yake. Utabaki na akaunti mbili kwenye namba moja ya NIDA zenye majina tofauti, na siku mkaguzi wa benki akizikuta anaweza kuzizuia zote mbili kwanza ndipo aulize.

Na hili la Zuhura Hamad. Mama mkwe yuko sawa, ingawa najua si kawaida ya safu hii kumpa ushindi mama mkwe. Sheria haikukatazi, wapo wanaofanya hivyo, hasa wenye shughuli za nje. Lakini hapa kwetu jina la pili ni la baba. Ukimpa karani wa Mkoani karatasi iliyoandikwa Zuhura Hamad, atakusoma kuwa wewe ni mtoto wa Hamad, na nyumba nzima ya Hamad itacheka. Na masheikh wanaikumbusha ile aya ya Suratul Ahzab, aya ya 5, inayosema waiteni kwa baba zao. Ilishuka kwa habari ya Zayd bin Haritha, ambaye watu walikuwa wakimwita Zayd bin Muhammad. Kusilimu hakukutoi kwa mzee Joseph. Tena kuna la kikaratasi: ukibaki Zuhura Joseph Mhina umebadilisha neno moja, na mawili yaliyobaki yanakubeba kila unapokwenda, benki, NIDA, vyeti vyako vya skuli ambavyo vitabaki na Grace siku zote. Ukibadilisha na jina la baba, humo mna Grace Joseph Mhina na Zuhura Hamad, hakuna hata neno linalofanana, na kila ofisa atataka maelezo mapya. Mumeo mweleze kwa upole. Mwambie hati ya ndoa ndiyo inayosema wewe ni wake, na hiyo anayo sandukuni.

Tuje kwenye barua. Barua ya benki si insha. Anayeisoma ana nyengine thelathini mezani na anatafuta mambo manne: akaunti gani, jina lipi linatoka, jina lipi linaingia, na karatasi ipi inampa ruhusa. Hadithi ya kusilimu na ya harusi usiiweke, si kwa kuwa ni siri, ila kila jambo unaloongeza linazaa swali. Ningeandika hivi:

> Zuhura Joseph Mhina
> (aliyekuwa Grace Joseph Mhina)
> S.L.P. ......
> Kiwengwa, Unguja
> Simu: ......
> Tarehe: ......
>
> Meneja wa Tawi,
> (jina la benki na la tawi)
>
> Kuh: Ombi la kubadilisha jina, akaunti namba ......
>
> Mimi ni mteja wenu tangu mwaka 2019. Akaunti iliyotajwa hapo juu ilifunguliwa kwa jina la GRACE JOSEPH MHINA.
>
> Nimebadilisha jina langu la kwanza na sasa naitwa ZUHURA JOSEPH MHINA, kwa hati ya kubadilisha jina ya tarehe ......, iliyosajiliwa kwa namba ....... Jina la baba, jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa na namba yangu ya NIDA havikubadilika.
>
> Naomba jina jipya liingizwe kwenye kumbukumbu zangu za mteja, kwenye akaunti yenyewe, kwenye kadi na kwenye huduma ya benki kwa simu. Naomba pia sahihi yangu mpya ipokewe, na jina la Grace libaki kwenye kumbukumbu zenu kama jina la awali.
>
> Akaunti hii hupokea mshahara wangu kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo naomba nijulishwe kwa maandishi tarehe ambayo mabadiliko yamekamilika, ili nimjulishe mwajiri wangu.
>
> Nimeambatanisha nakala za hati ya kubadilisha jina, kitambulisho cha NIDA kipya na cha zamani, barua ya sheha na picha mbili. Karatasi za asili ninazo kwa ajili ya kulinganishwa, isipokuwa kitambulisho cha zamani nilichokirudisha NIDA.
>
> Sahihi ya awali: ................
> Sahihi ya sasa: ................
> Zuhura Joseph Mhina

Hapo chini, penye sahihi mbili, ndipo nilipowahi kuona barua nyingi nzuri zikifa. Siku uliyofungua akaunti ulitia sahihi kwenye kadi ndogo, ikapigwa picha ikahifadhiwa. Ofisa anaifungua kwenye kioo, anaiweka barua yako kando yake, anatazama. Hatazami uzuri. Anatazama mkunjo wa herufi ya kwanza, pale kalamu iliponyanyuliwa, mkia wa mwisho umekwenda juu au chini. Wewe mwaka 2019 uliandika G kubwa yenye kitanzi, sasa miaka imepita unasaini haraka haraka mstari tu. Barua yenye sahihi ya Zuhura peke yake haina wa kulinganishwa naye, na yenye sahihi ya Grace isiyofanana inarudi. Tafuta karatasi yoyote ya zamani uliyosaini, mkataba wa kazi, fomu ya mkopo, uiangalie kabla hujaandika. Na nafasi ya sahihi usiijaze nyumbani. Iache wazi, ukasaini mbele ya ofisa. Ikikataa kufanana, mbele yake kuna njia nyengine, utaweka kidole na atashuhudia. Ukiwa umeshasaini nyumbani hana la kufanya ila kukurudisha.

Hati ya ndoa sikuiweka kwenye viambatanisho, na usiiweke. Hubadilishi jina kwa sababu ya ndoa. Ukiibandika pale, atakayesoma ataanza kutafuta jina la mume liko wapi na kwa nini hukulichukua. Kama kwenye fomu yao pana mahali pa hali ya ndoa, jaza umeolewa, na wakiitaka hati watakwambia.

Barua ya sheha ni mazoea ya huku kwetu zaidi. Ina picha yako na muhuri umekaa nusu juu ya picha nusu juu ya karatasi, inasema huyu ni mkaazi wa shehia yangu. Mwombe sheha aandike majina yote mawili. Masheha wengine huandika jina moja tu kwa mazoea, ukashtuka umeshafika mjini.

Nakala zipeleke, asili rudi nazo. Ofisa atazilinganisha na kugonga muhuri kwenye nakala. Akikwambia "ziache hapa, utazifuata kesho," kwa hati iliyosajiliwa usikubali, subiri hata saa nzima. Barua yenyewe itoe nakala ya pili ugongewe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiandike namba ya siri ya kadi popote, na wala hakuna ofisa wa kweli atakayeitaka.

Tawi watakupa na fomu yao ya kubadilisha taarifa. Ijaze, haichukui nafasi ya barua wala barua haichukui nafasi yake. Humo utakuta pia mahali pa ndugu wa karibu, pengine bado ni kaka yako wa Muheza. Hilo amua na nafsi yako.

Ukishaambiwa imekamilika, bado usimwendee mhasibu. Hapa nikufungulie mlango wa nyuma ya kaunta. Jina lako kwenye mtambo wa benki halikai mahali pamoja. Liko kwenye kumbukumbu ya mteja, yaani wewe mwenyewe. Liko kwenye akaunti, kama kichwa chake. Liko kwenye kadi. Na liko kwenye huduma ya simu. Ofisa mwenye haraka hubadilisha la mteja akadhani mengine yatajifuata, na mara nyingi hayajifuati. Ndiyo maana kwenye barua tumeyataja moja moja.

Mimi mwenyewe nimeshafanya kosa hilo. Mwalimu mmoja alikuja na karatasi zake zote zimetimia, nikambadilishia jina la mteja, tukapeana mikono. Jina la akaunti nilisahau, na jina la zamani sikuliandika popote kama la awali. Baada ya miezi kadhaa akaja na hundi ya kiinua mgongo, na mwajiri wake alikuwa ameiandika kwa jina lile la zamani. Karani mpya akamtazama kwenye mtambo, akaona jina jipya tu, akaikataa. Mama wa watu alisimama pale na hundi ya utumishi wake wote mkononi. Ilibidi nishuke stoo nikachimbue faili lake la makaratasi, vumbi hadi kwenye nyusi, ndipo tukapata kuonyesha kuwa ni yeye. Tangu siku ile kila niliyemhudumia niliandika neno "awali" kabla sijanyanyua kichwa.

Kujua kama imekamilika kweli, fanya majaribio mawili. Omba taarifa fupi ya akaunti iliyochapishwa, utazame jina la juu. Hilo ndilo jina la akaunti. Kisha mwombe rafiki mwenye benki nyengine akutumie shilingi 1,000 kwa namba ya akaunti yako, na kabla hajabonyeza kukubali akusomee jina linalojitokeza kwenye simu yake. Yote mawili yakisema Zuhura Joseph Mhina, na ile 1,000 ikaingia, hapo chukua barua ya benki umpelekee mhasibu. Moja likisema Grace, rudi tawini na ile karatasi iliyochapishwa, uwaonyeshe kwa kidole. Kadi ya zamani endelea kuitumia mpaka upewe mpya, mashine ya kutolea pesa inasoma namba, haisomi jina lililochongwa juu.

Laini yako ya simu nayo imesajiliwa kwa kidole chako kwa jina la Grace. NIDA ikishabadilika, pitia kwa wakala wa mtandao wako wairekebishe, la sivyo ukihamisha pesa kutoka benki kwenda kwenye simu majina yatapishana, na kuna huduma zinazokataa hapo. Fanya hivyo siku hiyo hiyo unayokwenda benki, iwe safari moja ya daladala.

Mhasibu umpe tarehe kabla orodha ya mishahara haijafungwa. Muulize huifunga siku gani. Hoteli nyingi huifunga siku kadhaa kabla ya mwisho wa mwezi, na ukimpelekea barua ikiwa imeshakwenda, mwambie aache Grace kwa mwezi ule. Jina la awali likiwa limeandikwa kwenye mtambo kama tulivyoomba, tawi watajua Grace huyo ni nani.

Shangazi